Ritani mbili zimelala, rafiki ametoka, binamu ameingia

*Swali: Kampuni yetu ndogo ilisajiliwa tarehe 14 Machi 2021. Tulianza watatu, wote wakurugenzi na wanahisa: mimi hisa 500, dada yangu 300, rafiki yetu 200. Ritani za 2022 na 2023 tuliwasilisha, za 2024 na 2025 bado. Katikati hapo rafiki alijiuzulu na kumuuzia dada hisa zake, kisha binamu yetu akaingia kwa hisa mpya 250, akilipa 400 kwa kila moja. Karatasi tulizo nazo nimeziambatisha. Mfumo wa msajili bado unaonyesha majina ya zamani. Tunaweza kujaza ritani moja tu yenye majina ya sasa? Na faini itakuwaje?*

Hapana, ritani moja haitoshi, na hata mkiwasilisha mbili, ya kwanza haitakuwa na majina ya sasa. Najua inashangaza kuambiwa mjaze leo jina la mtu aliyeondoka zamani, lakini hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitapatumia muda.

Ritani ya mwaka, yaani taarifa ambayo kampuni humpa msajili kila mwaka kuhusu wakurugenzi, wanahisa na mtaji wake, ni picha. Haisemi kampuni ikoje siku mnayoketi mbele ya kompyuta, inasema ilikuwaje siku fulani iliyowekwa na sheria. Katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya kampuni ya Kiingereza, Kenya na Tanzania zikiwamo, siku hiyo ni kumbukumbu ya mwaka ya kusajiliwa kwa kampuni. Kwenu ni 14 Machi. Ritani ya 2024 ni picha ya 14 Machi 2024, hata mkiijaza 2025 au miaka kumi baadaye. Ya 2025 ni picha ya 14 Machi 2025. Kila picha inasimama peke yake, ina ada yake na faini yake, na mpya haifuti ya zamani.

Kosa dogo la kuepuka mwanzoni kabisa ni hili. Kwenye kisanduku cha tarehe ambayo ritani inahusu, watu huandika tarehe ya siku wanayojaza. Sheria za namna hii kwa kawaida zinaruhusu picha ipigwe mapema, kabla ya siku yake kufika, lakini haziruhusu ipigwe baadaye. Na ukiipiga mapema, kumbukumbu ya mwaka unaofuata inahesabiwa kutoka tarehe hiyo mpya. Nimeshaona kampuni iliyokuwa na tarehe moja miaka yote, mhasibu akaandika tarehe ya kwake, na mwaka uliofuata wakachelewa bila kujua kuwa siku yao ya mwisho imesogea.

Sasa tuziangalie karatasi ulizoambatisha, maana ndani yake mna tarehe nne na kila moja inafanya kazi kwa namna yake. Tarehe 2 Februari 2024 rafiki yenu na dada yako walisaini hati ya kuhamisha hisa 200. Tarehe 25 Februari 2024 rafiki aliandika barua ya kujiuzulu ukurugenzi, inayosema anaacha siku hiyohiyo. Tarehe 30 Machi 2024 wakurugenzi mlikaa, mkaidhinisha uhamisho, na katibu akauandika kwenye daftari la wanahisa. Tarehe 20 Septemba 2024 mlipitisha azimio la kumpa binamu hisa mpya 250.

Nikikuuliza nani alikuwa mkurugenzi tarehe 14 Machi 2024, jibu ni wewe na dada yako. Kujiuzulu kunaanza kufanya kazi siku barua inapofika kwenye kampuni, au siku iliyotajwa ndani ya barua kama ni ya mbele. Msajili anatakiwa kuarifiwa, ndiyo, na kwa kawaida mna siku 14 au 15 za kufanya hivyo kutegemea nchi, lakini taarifa kwa msajili haimtoi mtu kwenye kiti. Alishatoka mwenyewe. Kwa hiyo kwenye ritani ya 2024 rafiki hayupo katika orodha ya wakurugenzi.

Nikikuuliza nani alikuwa mwanahisa siku hiyohiyo, jibu linageuka: rafiki yenu alikuwa bado yumo, na hisa zake 200. Hati ilisainiwa Februari, pesa pengine zililipwa Februari, lakini mtu anakuwa mwanahisa pale jina lake linapoandikwa kwenye daftari la wanahisa, na anaacha kuwa mwanahisa pale jina lake linapotolewa humo. Kwenu hilo lilitokea 30 Machi, siku 16 baada ya picha. Katikati hapo dada yako alikuwa na haki ya kudai aandikwe, lakini daftari lilikuwa halijasema hivyo, na ritani inafuata daftari.

Basi ritani ya 2024 ina wakurugenzi wawili na wanahisa watatu. Wewe 500, dada 300, rafiki 200, jumla 1,000. Mtu mmoja ametoka kwenye ukurasa wa wakurugenzi na bado yuko kwenye ukurasa wa wanahisa, na hakuna kosa hapo. Ukurugenzi ni kazi, hisa ni mali, na mtu anaweza kuacha kazi leo akauza mali mwaka ujao.

Kuna atakayewashauri muandike uhamisho kuwa ulifanyika 2 Februari ili karatasi zipendeze. Msifanye hivyo. Kutoa taarifa ya uongo kwa msajili kwa makusudi ni kosa la jinai katika nchi nyingi, na daftari lenyewe litawaumbua, kwa sababu muhtasari wa kikao una tarehe. Zaidi ya hapo, katika nchi zinazotoza ushuru wa stempu kwa uhamisho wa hisa, mhuri kwenye hati nao una tarehe, na kampuni hairuhusiwi kumwandika mnunuzi kabla ushuru haujalipwa. Kama hati ya dada yako haina mhuri na nchi yenu inautaka, hilo ndilo la kulishughulikia kabla ya kufungua mfumo.

Tukija kwenye ritani ya 2025, hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi na karatasi zenu. Uhamisho umeshaandikwa, kwa hiyo rafiki hayupo tena na dada ana 500. Binamu ana 250. Kwa haraka haraka ungejaza wewe 500, dada 500, binamu 250, jumla 1,250, ukabofya kitufe cha kuwasilisha. Lakini katiba ya kampuni mliyoniambatishia inasema mtaji wa kampuni ni hisa 1,000 zenye thamani ya 100 kila moja. Hizo 1,000 zilishatolewa zote tangu siku ya kwanza. Je, hizo 250 za binamu zilitoka wapi?

Huo mtaji unaotajwa kwenye katiba ndio mtaji ulioidhinishwa, yaani dari. Kampuni haiwezi kutoa hisa kupita dari bila kwanza wanahisa kuipandisha kwa azimio na msajili kuarifiwa, tena kwa kulipia ada ya ongezeko katika nchi nyingi. Uingereza iliachana na dari hii kuanzia Oktoba 2009, na Hong Kong mwaka 2014, kwa hiyo ukisoma maelezo ya huko hutaliona tatizo hili. Kama sheria yenu bado ina dari, au katiba yenu inaiweka, basi nahitaji kuona karatasi moja zaidi ambayo haimo kwenye kifurushi: azimio la wanahisa la kuongeza mtaji, lenye tarehe 20 Septemba 2024 au kabla ya hapo.

Kama lipo, mambo ni mepesi. Mnalipeleka kwa msajili na adhabu ya kuchelewa, mnafuatisha taarifa ya ugawaji wa hisa 250, na ritani ya 2025 inabeba jumla ya 1,250. Kama halipo, hisa za binamu zilitolewa juu ya dari na hazikusimama kisheria. Hapo picha ya 14 Machi 2025 ni ya hisa 1,000 tu, wewe 500 na dada 500, na pesa za binamu zimo mikononi mwa kampuni kama deni analodai, si kama mtaji. Mtapitisha azimio la kuongeza mtaji sasa, mtagawa hisa upya kwa tarehe ya sasa, na binamu ataonekana kwenye ritani ya 2026. Kabla ya kuchukua njia hii mtafuteni wakili wa nchi yenu, kwa sababu baadhi ya sheria zinaruhusu mahakama au wanahisa kuhalalisha ugawaji uliokosewa, na hiyo inaweza kuokoa tarehe ya mwanzo. Mwambieni binamu mapema pia. Mtu akisikia kwa mtu mwingine kuwa hisa zake si hisa, huo ni ugomvi wa familia.

Tuseme azimio lipo. Swali linalofuata kwenye ukurasa wa mtaji ni kiasi gani cha pesa kiandikwe. Umesema binamu alilipa 400 kwa kila hisa, jumla 100,000. Mkono utataka kuandika 100,000 kwenye kisanduku cha mtaji wa hisa. Hisa zenu zina thamani ya 100 kila moja, kwa hiyo mtaji unaongezeka kwa 250 mara 100, ambayo ni 25,000. Zile 75,000 zilizobaki ni ziada ya bei, nazo zina akaunti yake kwenye hesabu za kampuni. Kwenye taarifa ya ugawaji mara nyingi kuna kisanduku cha bei iliyolipwa, na huko ndiko 400 inakoandikwa. Kabla ya binamu mtaji ulikuwa 100,000, baada yake ni 125,000. Mkiandika 200,000 mfumo unaweza kukataa, kwa sababu hisa 1,250 mara 100 hazifiki huko, na afadhali ukatae. Usipokataa, kosa linaingia kwenye daftari la umma na mtalitoa kwa barua na ada. Pale ambapo hisa hazina tena thamani ya kuandikwa, kama Hong Kong, pesa zote alizolipa huwa mtaji, na hesabu hii haiwahusu.

Jumla tatu lazima zikubaliane kabla hamjabofya chochote. Ukijumlisha hisa kwenye orodha ya wanahisa upate 1,250. Ukitazama hisa zilizotolewa kwenye ukurasa wa mtaji uone 1,250. Ukichukua hisa za ritani iliyopita, 1,000, ukaongeza mlizogawa katikati, 250, upate 1,250. Uhamisho wa dada haugusi jumla hata kidogo, unahamisha hisa kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Mtu akijaza uhamisho kama ugawaji, jumla inakuwa 1,450, na hiyo 200 iliyozidi ndiyo itakayokuonyesha kosa liko wapi. Mimi jumla isipolingana huangalia kwanza kama tofauti ni sawa na hisa za mtu mmoja aliyeuza, na mara nyingi huwa hivyo.

Kuhusu mfumo kuonyesha majina ya zamani: haujakosea. Fomu ya mtandaoni huja imejazwa tayari kutoka kwenye kumbukumbu za msajili, na msajili anajua tu mlichomwambia. Mara ya mwisho mlimwambia watatu, basi anaonyesha watatu. Kwenye mifumo mingi ritani yenyewe haibadilishi wakurugenzi wala mtaji. Inathibitisha yaliyokwisha kuarifiwa kwa fomu zake. Kwa hiyo kila badiliko lina fomu yake, na ritani inakuja baada ya mabadiliko yaliyotangulia tarehe yake.

Nasema yaliyotangulia tarehe yake kwa makusudi. Watu wakishajua kuwa mabadiliko yanatangulia ritani, hukimbilia kuingiza yote kwanza: kujiuzulu, uhamisho, ongezeko, ugawaji. Kisha wanafungua ritani ya 2024, na mfumo unawajazia wanahisa wa leo, binamu akiwamo, kwenye picha ya siku ambayo binamu hakuwapo. Baadhi ya mifumo inakuruhusu kuhariri, mingine imefunga ukurasa huo. Njia salama ni kufuata kalenda kama ilivyotokea. Anzeni na taarifa ya kujiuzulu ya 25 Februari 2024, ikubaliwe. Wasilisheni ritani ya 14 Machi 2024, ikubaliwe. Kisha uhamisho wa 30 Machi 2024, kama nchi yenu ina fomu ya uhamisho, maana kuna nchi ambako uhamisho huonekana tu kwenye ritani inayofuata. Kisha ongezeko la mtaji na ugawaji wa Septemba. Mwisho ritani ya 14 Machi 2025. Kungoja kila hatua ikubaliwe kunachosha, lakini kunawaepusha na barua za marekebisho.

Kama mlishaingiza jambo la baadaye na ukurasa umefungwa, andikeni kwa msajili kabla ya kuwasilisha, muambatishe nakala ya ukurasa wa daftari la wanahisa kama ulivyokuwa 14 Machi 2024. Msiwasilishe picha mnayojua ni ya uongo kwa kuwa tu mfumo umeijaza wenyewe. Anayethibitisha kwa sahihi ya kielektroniki ni wewe.

Sahihi hiyo inanikumbusha jambo ambalo lilinigharimu siku tisa. Kampuni moja niliyoisaidia ilikuwa imefanya kila kitu sawasawa, fomu zimejazwa, ada iko tayari. Tulipobofya kuthibitisha, namba ya siri ya mara moja ikatumwa kwenye simu ya mkurugenzi aliyeondoka miezi mingi nyuma, kwa sababu akaunti ya kampuni ilifunguliwa kwa jina lake. Alikuwa amegombana na wenzake na hakupokea simu. Kubadilisha mwenye akaunti kulitaka barua, kitambulisho na azimio la wakurugenzi, na muda wote huo siku za faini zilikuwa zinahesabika. Kwenu, kama rafiki ndiye aliyefungua akaunti, mwombeni wakati bado mnasalimiana.

Mkishathibitisha mfumo unatoa namba ya malipo. Ritani iliyojazwa bila kulipiwa ni rasimu tu, haisimamishi faini. Baada ya kulipa, angalieni hali ya ombi: kuna tofauti kati ya "imewasilishwa" na "imekubaliwa", na ombi linaweza kurudishwa kwa marekebisho likakaa kwenye akaunti bila mtu kulifungua. Pakueni ritani iliyokubaliwa, kisha siku chache baadaye ombeni taarifa rasmi ya kampuni kutoka kwa msajili na muilinganishe na daftari lenu. Hiyo taarifa ndiyo benki na wanaotangaza zabuni wanayoisoma.

Sasa faini. Ziko za namna mbili, na watu huzichanganya. Kuna faini ya ritani kuchelewa, na kuna faini ya kila badiliko ambalo halikuarifiwa kwa wakati: kujiuzulu, ongezeko la mtaji, ugawaji. Ugawaji kwa mfano unatakiwa kuarifiwa ndani ya mwezi mmoja huko Uingereza na Hong Kong, na wenu ni wa Septemba. Kwa hiyo msishangae mkiona namba za malipo nne au tano badala ya mbili.

Muda wa kuwasilisha ritani unatofautiana. Tanzania na Kenya ni siku 28, Hong Kong siku 42, Ayalandi siku 56, Uingereza, ambako siku hizi inaitwa taarifa ya uthibitisho, ni siku 14. Nitatumia siku 28 kuwafanyia hesabu. Ritani ya 14 Machi 2024 ilikuwa na mwisho wa 11 Aprili 2024, na ya 2025 mwisho wake ni 11 Aprili 2025. Tuseme mnawasilisha zote 10 Juni 2025. Ya kwanza imechelewa siku 425, ya pili siku 60. Kila moja inatozwa peke yake, kuanzia siku yake.

Namna ya kutoza ndiyo inayoamua kama siku mbili zina maana au hazina. Kuna nchi zinazotoza kwa mwezi, na kipande cha mwezi kikihesabiwa kama mwezi mzima, ya kwanza ni miezi 14 na ya pili miezi 2. Mkichelewa hadi 12 Juni, zote mbili zinapanda mwezi mmoja kwa siku mbili tu. Ayalandi inatoza yuro 100 na nyongeza ya yuro 3 kwa siku, dari ikiwa 1,200. Ritani iliyochelewa siku 60 ni karibu yuro 280, na ile ya siku 425 imeshagusa dari, haiongezeki tena. Huko ukiwa na pesa ya moja tu, unalipia kwanza ile mpya ambayo bado inapanda, ingawa mpangilio wa kumbukumbu unataka ya zamani itangulie. Hong Kong inakwenda kwa ngazi: dola 105 za huko ukiwahi, 870 ukichelewa lakini ndani ya miezi 3 ya tarehe ya ritani, kisha 1,740, 2,610, na 3,480 baada ya miezi 9. Kampuni ya huko yenye tarehe kama yenu, ikiwasilisha ya mwaka huohuo 10 Juni, inalipa 870. Ikingoja wiki moja tu inalipa mara mbili. Kwa hiyo kabla hamjapanga siku, tafuteni kwanza kwenye jedwali la ada la msajili wenu kama mnatozwa kwa siku, kwa mwezi au kwa ngazi.

Mbali na tozo hizo, sheria nyingi zinafanya kutowasilisha kuwa kosa la kampuni na la kila afisa aliyehusika, yaani wakurugenzi na katibu binafsi. Hilo linamgusa rafiki yenu kwa njia ambayo pengine hajui. Siku ya mwisho ya ritani ya 2024 ilikuwa 11 Aprili, na yeye aliondoka 25 Februari, kwa hiyo kosa si lake. Lakini kwa kuwa hamkumwarifu msajili, kumbukumbu za umma zinamtaja kuwa mkurugenzi hadi leo, na barua ya onyo ikitoka itakwenda na jina lake. Mna deni la kumwondoa haraka, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanza na fomu yake.

Mkikaa kimya muda mrefu zaidi, msajili anaweza kudhani kampuni imekufa na kuanza kuifuta kwenye daftari. Hutuma onyo kwenye anwani iliyosajiliwa na kutangaza, kisha muda ukipita anaifuta. Katika nchi nyingi zenye sheria ya namna hii, mali ya kampuni iliyofutwa, pamoja na pesa za benki, huenda serikalini hadi kampuni irejeshwe, na kurejesha mara nyingi kunapitia mahakamani na kudai ritani zote zilizolala zilipwe. Kwa miaka miwili kwa kawaida hamjafika huko. Ila hakikisheni anwani iliyosajiliwa ni mahali ambapo mtu anafungua barua, pamoja na barua pepe.

Nimalizie na kipengele kinachosahauliwa kwa kuwa hakimo kwenye ritani za zamani: wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaonufaika na kampuni au kuitawala. Kwa uhamisho wa dada na kuingia kwa binamu, asilimia zenu zimebadilika zote. Wewe umeshuka kutoka asilimia 50 hadi 40, dada amepanda kutoka 30 hadi 40, binamu ana 20. Uingereza na Hong Kong anayetajwa ni mwenye zaidi ya asilimia 25, kwa hiyo huko binamu hangeandikwa kwa hisa zake pekee. Kenya kiwango ni asilimia 10, na huko angeandikwa. Angalieni kiwango cha kwenu, kisha msasishe daftari hilo kwa tarehe ileile ya ugawaji, maana mifumo mingine inaizuia ritani hadi sehemu hiyo ijazwe, na ujumbe unaotokea hausemi wazi kuwa ndiyo sababu.

Nitumieni lile azimio la kuongeza mtaji kama mnalo. Wakati mnalitafuta, taarifa ya kujiuzulu na ritani ya 2024 hazilihitaji, mnaweza kuzianza leo.